Alama ya "Made for kids" kwenye YouTube: maswali ya wenye chaneli wa Arusha na Moshi

Mwalimu wa chekechea anayerekodi nyimbo za irabu, mama wa mapishi anayepika mtori na mwanawe pembeni, dereva wa watalii anayepiga picha tembo wa Tarangire: wote hawa siku moja hufungua video yao na kukuta sehemu ya komenti imefungwa. Swali la kwanza huwa "nani amezizima?" Majibu yaliyo hapa chini yanahusu YouTube tu. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ili usipotee ukiyatafuta.

Alama hii ni ya nini?

Kila unapopandisha video, kwenye sehemu iitwayo `Audience`, YouTube inakuuliza kama video hiyo imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Unachagua `Yes, it's made for kids` au `No, it's not made for kids`. Bila kujibu, huwezi kuichapisha.

Wengi hudhani wanaulizwa kama video ni safi, haina matusi, inafaa kuangaliwa na familia. Siyo hivyo. Mahubiri ya Jumapili hayana matusi, lakini hayakutengenezwa kwa ajili ya mtoto wa miaka mitano. Unachoulizwa ni nani uliyemkusudia ulipokuwa unarekodi. Ukisema ni watoto, YouTube inabadilisha jinsi inavyokusanya na kutumia taarifa za yeyote atakayeitazama video hiyo. Komenti, matangazo na kengele vinafuata hapo.

Mimi niko Sakina. Sheria ya Marekani inanihusu nini?

Inakuhusu kwa sababu unatumia jukwaa la kampuni ya Marekani, na kampuni hiyo imeamua kufuata utaratibu mmoja dunia nzima.

Sheria yenyewe inaitwa COPPA. Ilipitishwa mwaka 1998 na kuanza kutumika mwaka 2000. Inasema tovuti au huduma inayolenga watoto wa chini ya miaka 13 haiwezi kukusanya taarifa zao binafsi mpaka mzazi ajulishwe na aridhie kwa njia inayoweza kuthibitishwa. Mwanzoni watu walifikiria taarifa kama jina, anwani na namba ya simu. Mwaka 2013 kanuni zilipanuliwa. Tangu hapo, hata ile namba ya utambulisho inayokaa kwenye simu au kivinjari na kumwezesha mwenye huduma kukutambua kila unaporudi, inahesabiwa kuwa taarifa binafsi.

Hapo ndipo YouTube iliponaswa. Ilikuwa ikijieleza kwamba ni huduma ya watu wazima na watoto wakubwa, huku kampuni za vitu vya kuchezea zikiambiwa kwamba hakuna jukwaa linalowafikia watoto kama yenyewe. Septemba 2019, Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170: milioni 136 kwa Tume ya Biashara ya Marekani, yaani FTC, na milioni 34 kwa jimbo la New York. Sharti mojawapo la makubaliano lilikuwa YouTube itengeneze mfumo wa kumwezesha mwenye chaneli kutamka kwamba video yake ni ya watoto. Mfumo ukawekwa mwishoni mwa mwaka huo, na Januari 2020 komenti zikaanza kuzimwa, kuanzia New York hadi Kiboriloni.

Kwa nini matangazo yanayomfuata mtu yamezimwa, lakini matangazo mengine bado yapo?

Kwa sababu yapo matangazo ya aina mbili, na tofauti yake ni kumbukumbu.

Fikiria Mangi wa duka la mtaani mwenye daftari. Anajua wewe hununua sukari nusu kilo kila Ijumaa, juzi uliulizia nepi, na mwezi uliopita ulikopa vocha. Ukipita tu anakuita: "Dada, nepi zimefika." Anaweza kufanya hivyo kwa sababu ameandika. Tangazo la kumfuata mtu hufanya kazi kwa namna hiyo: simu ina utambulisho wake, utambulisho una historia ya ulichotazama na kutafuta, na tangazo linachaguliwa kutokana na historia hiyo. Kuandika daftari hilo kwa mtoto bila ridhaa ya mzazi ndicho kilichokatazwa.

Tangazo la aina ya pili halihitaji daftari. Linaangalia video yenyewe: hii inafundisha kuhesabu, basi hapa tuweke tangazo la madaftari au rangi za kuchorea. Halijali aliyetazama ni nani wala jana alitazama nini. Hilo sheria inaliruhusu, ndiyo maana mtoto wako bado hukutana na tangazo katikati ya wimbo. Kanuni hata zinaruhusu utambulisho wa simu utumike kwa kazi chache za ndani, kwa mfano kuzuia tangazo lilelile lisirudi mara kumi mfululizo, ilimradi usitumike kujenga historia ya mtoto.

Sawa kwa matangazo. Komenti zina kosa gani?

Swali hili huwaudhi watu zaidi, na nawaelewa. Mwalimu aliyetegemea kusoma "asante mwalimu, mwanangu ameshajua kusoma" hafurahii kukuta ukuta.

Kwenye COPPA, kukusanya taarifa za mtoto hakuishii kwenye kumuuliza ajaze fomu. Kumpa mtoto mahali pa kuandika, na alichoandika kikaonekana hadharani, nako ni kukusanya. Ukiwahi kusoma komenti za watoto utaelewa mara moja. Mtoto haandiki maoni juu ya ubora wa sauti. Anaandika jina lake lote, anaandika darasa na shule anayosoma, anaandika "mimi nakaa Njiro karibu na kanisa", na akifurahi sana anaweka namba ya simu ya mama ili mwalimu wa kwenye video ampigie. Kila mtu mwenye intaneti anaweza kusoma hayo, na wako wanaoyasoma kwa nia mbaya.

Kanuni zina mlango mmoja: mwenye huduma anaweza kuacha sehemu ya kuandika kama anachukua hatua za kutosha kufuta karibu taarifa zote binafsi za mtoto kabla hazijaonekana hadharani. YouTube haikuupitia mlango huo. Imezima kabisa, na gumzo la moja kwa moja nalo limezimwa. Kwa maoni yangu ni uamuzi sahihi kwa lugha yetu hasa. Mfumo wa kuchuja unaoweza kushika namba ya simu iliyoandikwa kwa tarakimu hauwezi kushika "njoo pale kwa Mangi mwenye duka la bluu". Mtu wa mtaani anaelewa moja kwa moja ni wapi.

Kwani siwezi kuziacha nikawa nazipitia mwenyewe kabla hazijaonekana?

Hapana. Ule mpangilio wa kuzuia komenti mpaka uzikubali upo kwa video za kawaida tu. Ukishaweka `Yes`, chaguo la komenti haliko mikononi mwako tena.

Nini kingine kinazimwa, na nini kinabaki?

Ukikumbuka kwamba kinachozuiwa ni kumkumbuka mtazamaji na kusambaza taarifa zake, sehemu kubwa ya orodha inajieleza yenyewe. Mtazamaji hawezi kuihifadhi video kwenye orodha yake wala kwenye `Watch later`. Akijaribu, anaambiwa `This action is turned off for content made for kids`. Zile kadi zinazojitokeza juu ya video na zile video unazopendekeza sekunde za mwisho hazionekani. Uanachama wa kulipia, Super Chat na kitufe cha kuchangia havipo. Chaneli nzima ikiwekwa kuwa ya watoto, kengele ya taarifa nayo inaondoka, pamoja na machapisho ya maandishi na picha.

Vinabaki hivi: video inatafutika, inahesabiwa watazamaji, inaweza kupewa dole gumba, na mtu anaweza kujiunga na chaneli. Maelezo chini ya video yanabaki pia, kwa hiyo kama unataka wazazi wakuandikie, hapo ndipo pa kuweka barua pepe yako.

Lakini watoto wetu hutazama kwa simu ya mama, kwa akaunti ya mama. Si mama ndiye mtazamaji?

YouTube haiwezi kujua ni kidole cha nani kilichobonyeza. Akaunti inasema mtu mzima wa miaka 34, aliyeshika simu ana miaka minne na uji mdomoni. Kwa hiyo ilitangaza mwaka 2019 kwamba yeyote anayetazama video ya watoto, taarifa zake zitachukuliwa kana kwamba ni za mtoto, hata awe babu. Ndiyo sababu wewe mtu mzima, ukiwa umeingia kwa akaunti yako halali, bado huwezi kuandika komenti chini ya wimbo wa irabu.

Nitajuaje kama video yangu ni ya watoto au la?

Hakuna kipimo kimoja. FTC na YouTube wanaangalia mambo kadhaa kwa pamoja: mada ya video, nani uliyemkusudia na nani hasa anaitazama, kama kuna watoto wanaoigiza, kama kuna vikaragosi au midoli inayowavutia watoto, lugha yake ni nyepesi kiasi gani, na kama kuna michezo, nyimbo au hadithi za kitoto. Jambo moja peke yake mara nyingi halitoshi kuamua.

Mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme una chaneli Moshi inayohusu hadithi za Sungura na Fisi. Umetengeneza video mbili za hadithi ileile, Sungura anamdanganya Fisi akaingia kisimani.

Video ya kwanza ni vikaragosi. Sungura ana macho makubwa na kaptula nyekundu. Sauti inaanza na "Paukwa!" na watoto wanaitikia "Pakawa!" Kila Fisi akianguka kuna mlio wa kuchekesha, sentensi ni fupi, na mwishoni kuna wimbo wa kurudiarudia na swali "Je, Fisi alikosea wapi?" Pitia yale mambo: mada ni hadithi ya watoto, mhusika ni kikaragosi, lugha ni ya mtoto wa chekechea, kuna wimbo, kuna mchezo wa kuitikia. Hapa huna la kujadili, weka `Yes`. Hata kama moyoni ulisema unawatengenezea watu wazima wanaokumbuka utoto wao, video yenyewe inasema kinyume.

Video ya pili ni mzee amekaa kibarazani na kamera haisogei. Anasimulia hadithi hiyohiyo, lakini anasimama njiani kueleza kwamba enzi zake hadithi kama hii ilitumika kuwasema watu wazima walafi bila kuwataja majina. Anataja mambo ya mashamba na urithi, analinganisha alivyoisikia Kibosho na alivyoisikia Marangu. Inachukua dakika 25. Mnyama ni yuleyule na kisima ni kilekile, lakini hakuna mtoto wa miaka sita aliyekusudiwa hapa. Weka `No`, na komenti zitabaki wazi kwa watu wa Marangu kuja kubishana.

Sasa ongeza ugumu. Mwezi wa tatu unagundua video ya mzee imepata watazamaji wengi kwa sababu shule moja ya msingi inaionyesha darasani. Je, ubadilishe? Kuonwa na watoto peke yake hakuigeuzi video ya watu wote kuwa ya watoto. Lakini watazamaji halisi ni mojawapo ya vipimo, kwa hiyo ukianza kuitikia hali hiyo, ukaweka picha ya nje yenye kikaragosi, ukakata kipande cha dakika tatu ukakiita "Hadithi kwa darasa la pili", basi kile kipande kipya ni cha watoto. Video ya mwanzo inabaki ilivyokuwa. Uamuzi ni wa kila video.

Nafundisha hesabu. Wanafunzi wangu ni watoto, sivyo?

Kwa sheria yetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na hapo ndipo walimu wengi huchanganyikiwa. Alama ya YouTube imejengwa juu ya umri wa chini ya miaka 13 kwa Marekani, na YouTube inasema nchi nyingine zinaweza kuwa na umri wa juu zaidi. Kwa mazoea ya kazi: kujumlisha na kutoa kwa darasa la pili, `Yes`. Milinganyo ya kidato cha nne, `No`. Darasa la sita na la saba ndipo mpakani. Ukiwa unafundisha kwa nyimbo, midoli na "hongera sana watoto wazuri", umeshalenga walio chini ya 13. Ukiwa unapitia maswali ya mtihani ubaoni kwa namna ambayo hata mzazi anayemsaidia mwanawe anafuatilia, una hoja ya kusema si ya watoto, lakini uwe na uhakika unaweza kuieleza.

Napika, na mwanangu wa miaka saba yupo jikoni ananisaidia kumenya ndizi. Niweke `Yes`?

Mtoto kuonekana kwenye video hakuifanyi iwe ya watoto. Anayetaka kujua mtori unahitaji ndizi zipi na nyama ichemke muda gani ni mtu mzima. Weka `No`.

Lakini usishangae komenti zikizimwa hata hivyo. Februari 2019, kabla hata ya alama hii kuwepo, YouTube ilizima komenti kwenye mamilioni ya video zenye watoto ndani yake, baada ya kubainika kwamba watu wazima wenye nia mbaya walikuwa wakizitumia komenti hizo kuelekezana kwenye picha za watoto. Utaratibu huo bado upo, na ni tofauti kabisa na "Made for kids". Mmoja unamlinda mtoto anayetazama, mwingine unamlinda mtoto anayetazamwa. Kwa hiyo kubadilisha sehemu ya `Audience` hakutazirudisha komenti zilizozimwa kwa sababu hii ya pili.

Mahafali ya chekechea nayo yaingize humu. Watazamaji uliowakusudia ni wazazi na mashangazi walioko Dar, basi si video ya watoto. Ila ina nyuso za watoto wa watu arobaini na majina yao yakisomwa kwa kipaza sauti. Mimi huwashauri waiweke `Unlisted` na kusambaza kiungo kwenye kundi la wazazi, na hata hapo waombe ruhusa kwanza.

Nikiweka `No` ili komenti na mapato yarudi, nani atajua?

YouTube yenyewe ina mfumo wa kompyuta unaopitia video na kutafuta zile ambazo ni za watoto waziwazi. Mfumo huo ukikuta tofauti kubwa, YouTube inakubadilishia. Video ikishabadilishwa hivyo huwezi kuigeuza mwenyewe, unabaki na rufaa tu. Ukirudia kudanganya, chaneli inaweza kuchukuliwa hatua.

Kisha kuna upande wa sheria. Mfano wa karibuni ni mkubwa: Septemba 2025, FTC ilitangaza kwamba Disney imekubali kulipa dola milioni 10. Kosa lililodaiwa halikuwa video chafu. Kwa mujibu wa mashtaka, Disney ilikuwa inaweka chaguo kwenye ngazi ya chaneli badala ya kila video. Chaneli ikiwa imewekwa "si ya watoto", kila kilichopandishwa humo kilirithi jibu hilo, hata vikaragosi na hadithi za watoto. Mwaka 2020 YouTube yenyewe ilibadilisha zaidi ya video 300 za kampuni hiyo na kuiarifu, lakini utaratibu wa kuweka kwa chaneli ukaendelea.

Sidhani kama FTC itafunga safari hadi Majengo kwa ajili ya chaneli yenye wafuasi 900. Lakini mtego ulioinasa Disney ni uleule ulio kwenye chaneli yako, na matokeo yake kwako yanakuja kupitia YouTube: video zinabadilishwa bila wewe kupanga, na mtoto wa jirani amefuatwa na matangazo miezi kadhaa kwa sababu ya jibu lako.

Basi niweke kwa chaneli au kwa video moja moja?

Kama chaneli yote ni ya watoto na haitakuwa na kingine, weka kwa chaneli kuwa ya watoto, inakupunguzia kazi. Kama chaneli ina vitu mchanganyiko, kama wengi wetu tulivyo, chagua `I want to review this setting for every video`. Ipo YouTube Studio kwenye kompyuta: `Settings`, `Channel`, `Advanced settings`, sehemu ya `Audience`. Chaguo la "si ya watoto kamwe" kwa chaneli nzima liache kwa wale wa mada kama masoko ya mahindi au ushauri wa kodi.

Mapato yanashuka kiasi gani?

Yanashuka, na mara nyingi kwa kiasi unachokiona. Tangazo lisilomfuata mtu hulipiwa kidogo, na aina fulani za matangazo, kwa mfano ya vyakula na vinywaji, hayaruhusiwi kwenye video za watoto. Michango ya Super Chat na uanachama haipo. Tangu mwaka 2021 YouTube ilisema pia kwamba video za watoto zenye ubora duni, kwa mfano zilizojaa kushawishi ununuzi, zinaweza kupunguziwa au kunyimwa matangazo. Anayepanga kuishi kwa nyimbo za chekechea apige hesabu akiwa anayajua haya, na afikirie chanzo kingine kama vitabu vya kazi vinavyouzwa kwa wazazi.

Sijaweka alama, mtoto hayumo kwenye video, lakini komenti sizioni. Tatizo nini?

Anza na simu uliyoshika kabla ya kuilaumu video. `Restricted Mode` ikiwashwa kwenye simu, au kwenye mtandao wa shule au ofisi, komenti zinafichwa kwa kila video, na ujumbe unaosema hivyo unaonekana mahali pake. Fungua video ileile kwa bando lako na simu nyingine. Zikionekana, tatizo lilikuwa simu au mtandao wa mwanzo. Zisipoonekana, angalia Studio kama video ni `Private` au kama uliwahi kuzizima mwenyewe kwenye mipangilio ya komenti. Mwisho tazama safu ya `Restrictions` kwenye orodha ya video zako. Ikisoma `Made for kids`, weka kishale juu yake utaona kama ni wewe uliyeweka au ni YouTube.

Mzazi: nikiona komenti zimezimwa, nijue video ni salama kwa mwanangu?

Usijue hivyo. Alama inaeleza nani aliyekusudiwa, na hutolewa kwanza na mwenye video mwenyewe. Haina maana kwamba mtu ameitazama yote. Wala haimaanishi video imeingia kwenye programu ya YouTube Kids, ambayo ina vigezo vyake. Pia isichanganywe na kizuizi cha miaka 18, ambacho ni kitu kingine kabisa: video moja haiwezi kuwa na vyote viwili.

Nina video nyingi za zamani zilizowekwa ovyo. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kompyuta, simu itakuchosha. Ingia YouTube Studio, bonyeza `Content`. Kwanza badilisha lile chaguo la chaneli kama nilivyoeleza, ili video mpya zisiendelee kurithi kosa. Kisha pitia orodha na kuweka tiki kwenye zile zisizo na ubishi, nyimbo zote za irabu kwa mfano. Bonyeza `Edit`, chagua `Audience`, weka `Yes`, halafu `Update videos`. Zote zinabadilika kwa pamoja. Zenye utata ziache mwisho, ufungue moja moja na uitazame kwa yale mambo ya Sungura na Fisi.

Ukikuta YouTube imeweka alama kwenye video ambayo kweli si ya watoto, mapishi ya mtori kwa mfano, kata rufaa kutoka kwenye ile safu ya `Restrictions`. Kabla ya kukata, angalia picha ya nje na kichwa cha video. Mara nyingi mtori haukuwa na kosa, ila kichwa kilisema "Mapishi na Bebi wetu" na picha ilikuwa na vikaragosi vitatu. Rekebisha hivyo kwanza, ndipo uombe video itazamwe upya.